48 × 52: kuzidisha kwa kupanga au kupitia namba ya kati?

Saa tano usiku, Kisauni, mwalimu anasahihisha madaftari. Kwa 48 × 52 mwongozo unagawa alama 3: 48 × 2 = 96, kisha 48 × 50 = 2400, kisha jibu, 2496. Mwanafunzi mmoja kaandika mstari mmoja tu: 2500 − 4 = 2496. Kalamu nyekundu inasita.

Njia ya mwongozo hufaa namba zozote. Hatari yake ni sifuri ya mstari wa pili: ikisahaulika, 2400 inakuwa 240 na jumla 336.

Ya mtoto ni nzuri mno. 50 iko katikati, 48 imepungua 2, na 52 imezidi 2. Mwalimu anachora mstatili wa 52 kwa 48, anakata ukanda wa upana wa 2 ubavuni, anaulaza juu. Mraba wa 50 kwa 50 unakamilika, isipokuwa pembe moja ya 2 kwa 2. Ndiyo ile 4 iliyotolewa. Anayetoa 2 hajaelewa pembe hiyo.

Lakini kwa 47 × 52 namba ya kati ni 49.5, na hesabu inakuwa 2450.25 − 6.25. Hapo afadhali kupanga.

Je, kabahatisha? Swali linalofuata ni 37 × 43, na kaandika 1600 − 9 = 1591. Anapewa alama zote, na maneno pembeni: “Mwanangu, kesho tuchoree ubaoni.”