Uzoefu wangu na GIMP: kuondoa stuli na kuweka chungu kwenye sakafu inayong'aa

Picha yenyewe ni ya ukumbi wenye vigae vyeusi vinavyong'aa, dirisha kubwa kwa nyuma na stuli iliyosahauliwa katikati. Nilitaka stuli itoke na mahali pake pawekwe chungu cha maua. Nilianza na programu ya simu ya kufuta vitu. Stuli ilitoweka mara moja, ila miguu yake ilibaki sakafuni ikiwa kichwa chini, kama stuli ya jini. Ndipo nikafungua GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure na haikufanyii kazi yenyewe. Hilo la pili nilikuja kuliona kuwa ni faida.

Kufuta hakukuwa kugumu baada ya kujua mpangilio. Nilisafisha kwanza ukuta uliokuwa nyuma ya stuli kwa kifaa cha Clone, kisha sakafu. Sakafuni ni lazima uchukue sampuli kando, kwenye mstari uleule wa mlalo. Ukichukua karibu zaidi na kamera, vigae huwa vikubwa na mng'ao huwa hafifu, kwa sababu sakafu huakisi zaidi unapoitazama kwa mshazari mkali. Pale mwakisiko wa fremu ya dirisha ulipokatika, nilinakili kipande cha ukuta nilichokwisha kukisafisha, nikakipindua kwa Layer > Transform > Flip Vertically, kisha nikakififisha mpaka kikalingana na kilichokuwa pembeni.

Kazi ilikuwa kwenye chungu. Nilidhani ningenakili leya yenye picha ya chungu, niipindue, niipunguzie nguvu, basi. Matokeo yalikuwa kama vyungu viwili vinavyobusiana matako, vikigusana katikati tu huku pembeni kukiwa na mwanya. Sababu ni kwamba kitako cha mviringo, ukikitazama kutoka juu kidogo, huonekana kama upinde ulioshuka, na ukikipindua upinde hupanda. Dawa ilikuwa kuweka leya iliyopinduliwa chini ya leya ya chungu, kisha kuisogeza juu mpaka kona za kushoto na kulia za kitako zikutane na za chungu halisi. Sehemu iliyozidi hufichwa na chungu chenyewe.

Bado jicho lilikataa. Kwenye mwakisiko nilikuwa naona udongo ndani ya mdomo wa chungu! Sakafu haiwezi kuuona udongo huo. Mwakisiko ni kile ambacho kamera ingekiona kama ingekuwa chini ya sakafu, umbali uleule iliokuwa juu yake. Kwa hiyo nilipandisha chungu mezani, nikakipiga picha nyingine kamera ikiwa chini ya kitako chake na ikielekea juu, kisha nikaipindua hiyo. Ukingo wa mdomo ukaonekana kwa nje tu, na upande wa chini wa majani ukajitokeza. Kwa kitu bapa kilichosimama wima, kama ubao, shida hii haipo, na kupindua kwa kawaida kunatosha.

Kosa langu la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Nilipoweka Opacity kwenye 45, mwanga wa dirisha uliokuwa umeakisiwa sakafuni ulipenya katikati ya mwakisiko wa chungu. Chungu halisi kingeuzuia mwanga huo. Nilijaza umbo la mwakisiko kwa sakafu iliyochukuliwa mahali pasipo na mwanga wa dirisha, nikihakikisha mistari ya vigae inaendelea bila kukatika, maana mistari ni ya sakafu yenyewe na haiakisiwi. Juu yake nikaweka leya ya mwakisiko kwa modi ya Screen, ambayo huongeza nuru badala ya kufunika. Opacity ya 40 ilitosha, lakini namba hiyo ni ya picha yangu. Niliipata kwa kulinganisha na mguu wa meza uliokuwa jirani, ukiwa na mwakisiko wake halisi.

Ukungu niliufanya kwa nakala mbili, moja ikiwa na Gaussian Blur ya 2 na nyingine ya 8, nikaziunganisha kwa maski yenye mteremko wa rangi. Karibu na kitako mwakisiko ukawa mkali, na kuelekea chini ukalegea.

Kwenye picha ya bwawa lenye mawimbi madogo, njia hii ilinifaa baada ya kuongeza Size Y ya Gaussian Blur kuliko Size X, kwa kuwa maji hurefusha mwakisiko kwa wima. Kwenye kioo cha dirisha kumbuka kuweka mwakisiko wa pili hafifu, umesogea kidogo, kwa sababu kioo kina nyuso mbili na kila moja huakisi.

Chungu kilinichukua kama saa moja na nusu. Niliyemwonyesha picha aliuliza tu mbona udongo wa chungu ni mkavu.