Kitufe cha `Seamless` kimeniharibia karatasi za sabuni

Natengeneza sabuni za karafuu na mwani hapa Unguja. Msimu uliopita wa wageni nilitaka nakshi yangu mwenyewe, itakayokwenda kwenye karatasi ya kufungia, kwenye vifuko vya kitambaa na nyuma ya lebo. Huduma niliyolipia inachora picha kwa akili mnemba na ina kitufe cha `Seamless`, kwa ahadi kwamba kigae kimoja kitajirudia pande zote bila mshono kuonekana. Naipa nyota mbili, na kilichoniudhi ni huo mshono.

Haki yao niwape: inachora vizuri mno. Karafuu ilitoka na vile vidole vyake vinne kichwani, vimekishika kitumba kama ilivyo shambani. Nimewalipa wachoraji wakanipa misumari.

Lakini lazima ujue kuiagiza. Ukiandika `wrapping paper` inakuletea roli la karatasi limelala mezani, na kivuli chake. Inachora kile kitu, na wewe unataka nakshi. Kwa hiyo usitaje matumizi, taja kilichomo na kinavyopangwa:

```
flat vector pattern, clove buds and seaweed sprigs,
evenly scattered, cream background, three solid colours
```

Usivyovitaka viweke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`: `shadow, gradient, vignette, text`. Ukivichanganya na maelekezo yenyewe kwa kuandika `no shadow`, mara nyingi kivuli ndicho kinachokuja. Hiyo `vignette` usiisahau kabisa. Giza kidogo pembeni halikusumbui kwenye kigae kimoja, ila kikijirudia karatasi nzima inakuwa na miraba miraba, hata kama kingo zimeungana sawasawa. Na jina la biashara liweke mwenyewe baadaye, kwa sababu herufi zinatoka zimepinda.

Kigae changu kilitoka pikseli 1024 kwa 1024. Nikakipima kwenye programu ya picha ya GIMP kwa `Layer > Transform > Offset`, 512 kila upande, na `Wrap around` imechaguliwa. Hapo kingo za nje zinahamia katikati, na mshono ukiwepo unauona umekaa kama msalaba. Haukuwepo. Siku ile ningewapa nyota tano.

Shida ni kwamba pikseli 1024, kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi, hazifiki hata sentimita 9. Mchapaji akataka kikubwa zaidi. Nikabonyeza `Upscale` yao wenyewe, kwa krediti za ziada, nikatuma. Karatasi zikatoka na mstari. Utepe wa mwani unafika ukingoni unakatika, nusu yake ya pili inaanzia pembeni kidogo, tena imenenepa, na hivyo hivyo kila kigae, karatasi nzima. Mchapaji akaniuliza, "Dada, huu mstari umeutaka wewe?" Nilikosa la kumjibu.

Chanzo chenyewe wala si siri. Kitufe cha kwanza kinachora kikijua kwamba ukingo wa kulia utakutana na wa kushoto. Kikuzaji hakijui. Kinapobuni vipengele vipya kwenye ukingo mmoja hakitazami ule wa upande wa pili, kwa hiyo kila ukingo unakuzwa kivyake. Niliwaandikia nikiwaeleza hayo, nikaambatanisha na picha. Mhudumu wao akajibu kwamba maelekezo yangu hayakuwa mahususi vya kutosha, na akanishauri ninunue krediti zaidi nijaribu tena. Picha hakuifungua! Mtu amepoteza karatasi na wino, unamwambia akanunue tena?

Nikajitibu mwenyewe. Nilipanga vigae tisa vya mwanzo, vitatu kwa vitatu, nikapata pikseli 3072 kila upande. Nikavikuza vyote pamoja mara mbili, ikawa 6144, kisha nikakata kile cha katikati tu, pikseli 2048 kwa 2048, kuanzia 2048 toka kushoto na 2048 toka juu. Kigae hicho kimekuzwa kikiwa na majirani zake halisi pande zote, kwa hiyo kingo zinakutana. Kipande unachokata kikizidi au kikipungua hata pikseli moja, mstari unarudi. Kwa karatasi kinatosha sentimita 17 hivi, na kwa kitambaa, kinachovumilia nukta 150 kwa inchi, unapata mara mbili yake. Vifuko vimetoka safi, wageni wanauliza nani kachora.

Kwa hiyo labda nyota tatu, maana kwa mchoro sijaona mfano wake. Hapana. Nikilikumbuka lile jibu narudi kwenye mbili, na hata hizo ni za karafuu. Waandike kando ya `Upscale` kwamba inavunja kazi ya `Seamless`, na krediti zangu wanirudishie.