Suti au kitenge, kabla hatujachapa

Jambo Mama,

Nguo tatu nilizokuvalisha kwenye picha yako kwa kompyuta ziko tayari. Ile blauzi nyeupe tuiache: mwanga umekula darizi yote, na karatasi haitairudisha.

Zimebaki mbili. Suti nyeusi inakupa heshima ya ofisini, na kwenye simu inapendeza kweli. Lakini simu inawaka, karatasi haiwaki. Kola na vifungo vitazama katika weusi mmoja. Nikiiongezea mwanga, itaonekana imebandikwa chini ya uso wako. Kitenge cha buluu kinashika maua yake hata kwenye sentimita 30 kwa 40, na kivuli cha shingoni kinaangukia upande uleule na cha pua.

Mimi ningechapa kitenge. Ukipenda suti, pita studio hapa Kadutu, uone kwanza kipande kidogo kilichochapwa.