Uzoefu wangu: domeini ya duka ilivyokaribia kupotea na nilivyoihamisha kwa rejistra mwingine

Naandika hii kwa wenye biashara ndogo kama mimi ambao websaiti walitengenezewa na kijana fulani miaka ya nyuma na tangu hapo hawajawahi kujiuliza domeini imeandikishwa kwa jina la nani. Mimi nauza nyavu na spea za injini za boti hapa Mwanza, wateja wangu wengi wa visiwani na wa upande wa Uganda wanatuma oda kwa imeili, ile ya info@ yenye jina la duka. Rejistra, yaani kampuni inayokuandikishia domeini, yule wa zamani simtaji, na huyu mpya pia simtaji isije ikaonekana nimelipwa, nataka niongelee huduma yenyewe ya kuhamisha domeini.

Tarehe 12 Machi 2024 mteja wa Bukoba akanipigia, "mama, nimekutumia oda mara mbili imeili inarudi." Nikafungua websaiti kwenye simu, nakuta ukurasa wa matangazo ya ajabu ajabu, hakuna picha hata moja ya nyavu zangu. Nikajua hostingi ina shida nikawapigia watu wa hostingi, wakasema kwetu umelipa mpaka Septemba, angalia domeini. Hapo ndo nikajifunza kwamba hivi ni vitu viwili tofauti na vinalipwa sehemu mbili, hostingi ni pale mafaili yanapokaa, domeini ni lile jina, na jina likilala kila kitu kinalala hata kama hostingi imelipwa.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo palinipotezea siku mbili nzima. Mpwa wangu akaangalia kwenye kompyuta kwa amri ya whois, inayoonyesha taarifa za domeini (bila kompyuta unaweza kuingia lookup.icann.org, ni bure), ikaja hivi:

```
Registry Expiry Date: 2025-03-03T09:12:40Z
Domain Status: autoRenewPeriod
Domain Status: clientTransferProhibited
```

Tukaona 2025 tukasema aah, imelipiwa, tatizo liko kwingine. Kumbe sivyo. Kwa domeini ya .com kama yangu, siku ya mwisho ikifika rejista kuu, yaani wanaotunza orodha ya majina yote ya .com, inasogeza tarehe mwaka mmoja mbele yenyewe, hata kama wewe hujatoa hata senti, halafu rejistra wako anakuwa na siku 45 za kuamua aiache au aifute arudishiwe hela yake. Kwa hiyo ile tarehe ya mbele haisemi kwamba umelipa. Cha kuangalia ni hilo neno autoRenewPeriod, pamoja na tarehe anayoionyesha rejistra mwenyewe, na kwangu ilikuwa imeisha 3 Machi.

Rejistra yule alikuwa anatoa siku 30 za kulipa kwa bei ya kawaida baada ya kuisha, wengine wanatoa chache zaidi, ni uamuzi wao. Zikipita domeini inaingia redemptionPeriod, siku 30 nyingine ambazo bado unaweza kuirudisha ila kwa faini, na kwake ilikuwa dola 80 juu ya bei ya mwaka. Baada ya hapo ni pendingDelete, siku 5, hapo hata uwe na hela za kujaza gunia hakuna wa kukusaidia, inafutwa na yeyote anaweza kuichukua. Mimi nilikuwa siku ya 9 kwa hiyo muda ulikuwepo, shida ni kwamba akaunti haikuwa yangu. Nikaingia kwenye chati yao nikatuma cheti cha BRELA, TIN, na risiti za hela niliyokuwa namtumia developa, yule kijana aliyenitengenezea websaiti, kila mwaka, dada wa watu akanijibu vizuri tu kwamba wao wanamtambua mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni developa. Matangazo yote ya kukumbusha malipo yalikuwa yanaenda kwenye imeili yake ya zamani ambayo aliacha kuifungua alipopata kazi Dar.

Simu yake haipatikani, nikampata kupitia kaka yake anayeuza mbao Igoma. Sikumgombeza, maana yeye ndo ameshika ufunguo. Akaomba laki tatu ya usumbufu, tukamaliza kwa laki moja, na nikamwomba tufanye kwa mpangilio huu huku tukiongea kwenye simu: kwanza alipie mwaka (nilimtumia hela, ilikuwa dola 17), halafu aisukume domeini kutoka akaunti yake kwenda akaunti mpya niliyofungua kwa rejistra yuleyule. Hiyo ya kusukuma ndani ya kampuni moja ilichukua kama dakika kumi. Niliikataa njia ya yeye kunitumia Auth Code, yaani msimbo wa siri wa kuhamisha domeini, kwa Wotsapu na loki inayozuia domeini kuhama, ile clientTransferProhibited, ikae imefunguliwa, kwa sababu yeyote mwenye ule msimbo na loki imefunguka anaweza kuanzisha uhamisho.

Nilipobadilisha jina na imeili ya mmiliki kuwa yangu, tarehe 20 Machi, ikaja taarifa kwamba domeini imefungwa isihame kwa siku 60. Niliogopa kidogo, ila hiyo ni kawaida ukibadilisha mmiliki, na kwangu ilinifaa. Kuna jambo lingine watu hawaambiwi, ukilipia halafu ukahamisha ndani ya zile siku 45 baada ya tarehe ya kuisha, mwaka uliolipa kwa yule wa zamani unaweza kupotea. Nikasubiri. Tarehe 21 Mei nikatoa loki, nikachukua Auth Code, nikaibandika kwa rejistra mpya na kulipa mwaka mmoja. Ilichukua siku 5, na tarehe ya kuisha ikasogea kutoka 2025 mpaka 3 Machi 2026, yaani ule mwaka wa kuhamia haukupotea. Kabla ya kuhamisha nilipiga skrini shoti ya rekodi zote za DNS, ndo zinazoelekeza jina liende kwenye websaiti ipi, hasa zile za MX zinazoelekeza imeili, kwa sababu DNS yangu ilikuwa inakaa kwa rejistra wa zamani na ningeondoka bila kuzinakili imeili zingekatika tena.

Huyu mpya nampenda kwa kuwa loki inawashwa yenyewe domeini ikifika na ukitaka kuizima lazima uweke namba inayotoka kwenye simu yako. Ila loki haizuii jina kuisha muda, na haimzuii mtu mwenye paswedi yako, kwa hiyo paswedi hiyo hata fundi wangu wa sasa hana, nimemfungulia njia ya kubadilisha DNS tu. Imeili ya akaunti nimeweka ya Gmail. Mwanzo nilitaka kuweka info@ ya duka, mpwa wangu akanishtua, "shangazi, domeini ikilala tena utapokelea wapi link ya kubadilisha paswedi?"

Malipo ya otomatiki nimeyawasha, yanakatwa kwenye kadi ya Viza ya kwenye simu, na kadi hiyo isipokuwa na salio yanagoma, kwa hiyo kila mwanzo wa Februari naweka hela na nimeandika kwenye kalenda ya ukutani dukani. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu hawapokei malipo ya simu moja kwa moja na chati yao ni ya Kiingereza tupu, siku ya kuhamisha ilibidi mpwa wangu akae pembeni yangu anitafsirie mpaka saa nne usiku.