App ilimpa mdogo wangu jina langu mbele ya shangazi

Hii app ya picha ya binamu yangu siipi hata nyota moja, na nimekasirika bado. Sikukuu iliyopita tulikuwa Bombo kwa shangazi, binamu akaunganisha simu na tivi tuone picha za familia, akaandika jina langu pale pa kutafuta, na katikati ya picha zangu ikatokea moja ya mdogo wangu, kajifunga mtandio, uso wa upande, kasimama Jinja kando ya mto na kijana fulani. Juu yake jina langu. Shangazi akanigeukia, "Wewe si uliniambia ulikuwa kazini Kampala?" Nikajitetea mbele ya wakubwa wote huku mdogo wangu machozi yanamlenga, maana ile picha alimtumia binamu kwa siri na app ikaichukua yenyewe.

Nikamnyang'anya binamu simu niangalie imekuwaje. App inakata kila uso, inaugeuza kuwa safu ya namba, halafu nyuso zenye namba zinazokaribiana inaziweka kundi moja. Jina haijui, jina aliandika binamu mara moja tu kwenye uso wangu, likasambaa kundi zima. Sasa ndugu wa tumbo moja namba zao ziko karibu, na uso wa upande unazidi kuichanganya, ikamuuliza binamu kama hawa wawili ni mtu mmoja, yeye akabonyeza ndiyo bila kuangalia vizuri, na makundi mawili yakawa moja.

Kilichoniumiza zaidi, kwangu natumia Google Photos na nilishazima "Group similar faces" zamani, na ukiizima inafuta makundi na majina uliyoweka. Lakini inafuta ya kwako! Jina langu lilikuwa kwenye akaunti ya binamu, huko swichi yangu haifiki, lazima mwenye simu afungue lile kundi, atoe picha zisizo zangu au afute jina kabisa.

Facebook wao mwaka 2021 walizima mfumo wao wa kutambua nyuso kwenye picha na kusema watafuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja, lakini mtu bado anaweza kukutag kwa mkono. Ukiwasha ile ya kukagua kwanza posti ulizotagiwa, inazuia posti isikae kwenye profaili yako tu, kwa aliyeposti bado inaonekana.

Haya, nitasema kweli, app hiyohiyo ilimtoa marehemu bibi kwenye picha ambazo hakuna aliyejua anaonekana, amekaa nyuma ya watu harusini, mama alifurahi sana. Labda nyota mbili basi. Hapana, moja, maana kuunganisha watu wawili ni kubonyeza mara moja, na kuwatenganisha binamu alikaa anachagua picha mojamoja mpaka chai ikapoa, na shangazi hadi leo hajaniamini.