Grafu ya duara: kukadiria kila pembe au kukadiria mipaka?

Tuseme mwalo wa Kirumba umepokea dagaa 34%, sangara 34% na sato 32%. Asilimia 1 ni nyuzi 3.6, hivyo pembe ni 122.4, 122.4 na 115.2.

Ukikadiria kila pembe peke yake, utapata 122, 122 na 115. Jumla ni 359, duara halifungi. Kosa huonekana mara moja, ila nani apewe nyuzi 1 iliyobaki?

Ukilimbikiza kwanza, yaani ukijumlisha kila pembe na zilizotangulia, mipaka ya vipande ni 122.4, 244.8 na 360. Ikadirie: 122, 245, 360. Duara linafunga lenyewe, lakini sangara sasa wana 123 na dagaa 122, ilhali walilingana! Kwenye karatasi hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo.

Unachora kwa kipimapembe? Limbikiza. Unatakiwa kuandika jedwali la pembe? Kadiria kila moja, au bakiza desimali.