Uzoefu wangu: wakala alinijazia kundi la watazamaji wa sekunde 3 na kuliita "wateja waliokwisha iva"

Nitaanza na kauli iliyonifanya niandike. Nilipouliza kwa nini tangazo la pili haliuzi, afisa anayeshughulikia akaunti yetu alinijibu kwa sauti: "Boss wangu, wewe uza sofa, matangazo tuachie sisi." Basi nimewaachia. Ila kabla sijafunga mlango, nawaeleza wenzangu wenye biashara ndogo ni nini hasa kilichokuwa ndani ya huduma ile, maana inauzwa kila kona ya Dar kwa maneno yaleyale: tunakutengenezea video ya chapa, watu wataitazama, halafu tutawarudia hao hao kwa bei ya karanga.

Wazo lenyewe ni zuri, sikatai. Mtu akitazama video yako Facebook au Instagram, mfumo unakumbuka ametazama kiasi gani, na unaweza kumwonyesha tangazo lingine hadi siku 365 baadaye. Hakuna haja ya tovuti wala piksel, yaani kile kipande cha msimbo kinachowekwa kwenye tovuti kuwarekodi wanaoitembelea. Kwa sisi tunaomalizia mauzo WhatsApp hilo ni jambo kubwa. Tangu Apple ilipoanza mwaka 2021 kuzilazimu programu kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu nje ya programu, makundi yanayotokana na tovuti yamepungukiwa na watu wengi wa iPhone. Kutazama video hufanyika ndani ya Facebook na Instagram zenyewe, kwa hiyo rekodi yake haikuguswa namna hiyo.

Sasa tatizo. Ukienda Ads Manager, chombo cha kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, sehemu ya Audiences, ukachagua Custom audience halafu Video, unaulizwa unataka watu wa aina gani: waliotazama angalau sekunde 3, sekunde 10, ThruPlay (yaani sekunde 15, au video nzima kama ni fupi kuliko hapo), au asilimia 25, 50, 75 au 95 ya video. Chaguo la kwanza kwenye orodha ni sekunde 3, na ndilo wakala wangu alilochukua.

Sekunde 3 ni nini? Video hujichezesha yenyewe, mara nyingi bila sauti. Mtu akisimamisha kidole gumba kujibu salamu ya mtoto, sekunde 3 zimeshapita. Na video yetu, ambayo walitulipisha pesa nzuri, inaanza na jua kuchomoza, kisha mikono ya fundi ikipapasa mbao. Sofa lenyewe linaonekana sekunde ya 11. Kwa hiyo hao "walioiva" walikuwa wameona mawingu. Hawajui kama tunauza sofa, majeneza au safari za Zanzibar. Halafu wanapelekewa tangazo la pili linalosema "Bado unaliwaza?" Analiwaza nini? Mawingu?

Kanuni ambayo wakala yeyote anayejua kazi yake angeifuata ni hii: fungua video, tazama bidhaa inaonekana sekunde ya ngapi na jambo la kumvutia mnunuzi linasemwa sekunde ya ngapi, kisha chagua kipimo kinachopita hapo. Video yetu ni ya sekunde 60. Asilimia 25 ni sekunde 15, karibu sawa na ThruPlay, na hapo mtu ameliona sofa kwa sekunde nne tu. Asilimia 50 ni sekunde 30, amekwisha sikia habari ya mbao na dhamana. Hicho ndicho kipimo chetu. Lakini usiikariri asilimia. Kwenye video ya sekunde 15, asilimia 25 haifiki hata sekunde 4, na unakuwa umerudi kwenye kidole gumba kilekile. Tena hesabu ya asilimia humjumuisha hata aliyeirusha video mbele mpaka hapo, kwa hiyo usidhani wote walikaa kimya wakisikiliza.

Nilijiuliza kwa nini mtu wa fani achague sekunde 3. Jibu liko kwenye hesabu, na hapa ndipo hasira iliponipanda kweli.

Tuseme video imewafikia watu 100,000. Kundi la sekunde 3 linaweza kuwa watu 30,000, na la asilimia 50 likawa watu 2,500. Tuseme pia CPM, yaani gharama ya tangazo kuonekana mara elfu moja, ni shilingi 4,000. Bajeti ya shilingi 20,000 kwa siku inanunua maonyesho 5,000. Ukiyamwaga kwenye watu 30,000, kila mmoja anaona tangazo mara moja kwa siku sita, hakuna anayelalamika, na ripoti inapendeza. Ukiyamwaga kwenye watu 2,500, kila mmoja anaona mara mbili kwa siku, mara 14 kwa wiki. Huo ni usumbufu, na watu wataanza kubonyeza kitufe cha kulificha tangazo. Kundi dogo linataka pesa ndogo: mara tatu kwa wiki kwa kila mtu ni maonyesho 7,500, yaani shilingi 30,000 kwa wiki, kama 4,300 kwa siku. Hata CPM ikipanda, na kwa kundi dogo mara nyingi hupanda, bado haikaribii ile 20,000.

Wakala wangu analipwa asilimia 20 ya matumizi. Kwa shilingi 20,000 kwa siku, anapata 120,000 kwa mwezi. Kwa 4,300, anapata kama 26,000. Sasa niambie angechagua kundi lipi. Ukitaka kuwarudia watazamaji, mlipe mtu ada ya kudumu kwa kazi hiyo, usimlipe kwa asilimia.

Na hilo bado si baya kuliko la pili. Ripoti ya tangazo la marudio ilionyesha Reach ya zaidi ya watu 70,000. Kundi lilikuwa na 30,000. Inawezekanaje kuwarudia watu wengi kuliko waliokuwepo? Inawezekana kwa sababu Ads Manager ya siku hizi ukiiacha na mpangilio wake wa Advantage+ audience, kundi lako linachukuliwa kama pendekezo tu. Mfumo unaanza nalo, halafu unatoka nje kutafuta wengine unaowaona wanafaa. Kwa kampeni ya kutafuta wateja wapya hilo linaweza kusaidia. Kwa kampeni ya kuwarudia watazamaji linaua maana yote, kwa sababu unalipia wageni kabisa huku unaambiwa ni wenyeji.

Kulizuia, ndani ya Ad set, yaani ngazi ya kampeni unapopanga nani aone tangazo, tafuta maandishi ya kurudi kwenye mpangilio wa zamani (Switch to original audience options), weka kundi lako hapo, kisha ondoa alama kwenye Advantage custom audience. Majina ya vitufe hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usiyategemee sana. Kipimo kisichodanganya ni Reach ikilinganishwa na ukubwa wa kundi. Ikizidi ukubwa huo kwa mbali, tangazo limetoka nje. Kisha tazama Frequency, yaani wastani wa mara ambazo kila mtu ameliona tangazo: kama baada ya wiki mbili kwenye kundi la watu elfu mbili bado iko karibu na 1 na pesa imetumika, jua zizi liko wazi. Nilipomwonyesha afisa wetu namba hizi akaniambia "hiyo ni algorithimu". Sawa.

Jambo la tatu nalipita haraka. Wanunuzi hawakuondolewa. Mama aliyekwisha lipia na kupelekewa sofa Mbagala aliendelea kuona "Bado unaliwaza?" mpaka akatuandikia kuuliza kama ameibiwa. Dawa yake ni mambo mawili kwenye sehemu ya kuondoa watu: orodha ya namba za wateja zilizoandikwa kwa 255 mwanzoni, inayopakiwa kama faili la CSV, na kundi la waliotuma ujumbe kwenye akaunti yako ya Instagram, kwa kuwa hao tayari wako mikononi mwa muuzaji. Ningekuwa na nafasi ningesema pia juu ya kundi la "wote walioshughulika na akaunti", ambalo wakala aliliongeza ili kunenepesha namba. Ndani yake wamo washindani wako, shemeji zako na kila aliyepita kwenye ukurasa. Waliohifadhi posti ni wachache, ila ni wao wa kuwatazama.

Baada ya yote hayo nilikuwa tayari kuandika kwamba njia hii nzima ni utapeli. Nalazimika kulirudisha neno hilo mfukoni. Video ilikuwa imechapishwa kwenye ukurasa wetu wenyewe, kwa hiyo hata tulipoachana na akaunti ya matangazo ya wakala, kundi liliweza kutengenezwa upya kwenye akaunti yetu. Mfumo ukavuta watazamaji wa nyuma, hatukuanza na sifuri. Chagua asilimia 50, siku 30, kisha weka alama kwenye kila toleo la video, la mraba na la wima, maana kila faili lililopakiwa linahesabiwa kama video yake. Kundi likiwa dogo mno halitafaa, hivyo kama video imetazamwa na wachache, rudi asilimia 25 au panua siku ziwe 60. Tangazo la pili lisiwe video ileile. Letu sasa ni picha moja ya sofa, bei, gharama ya kupeleka hadi Kibaha, na kitufe cha WhatsApp. Ad set itaandikwa "Learning limited", kwa sababu mfumo unataka matokeo kama 50 kwa wiki na kundi dogo haliwezi kuyatoa. Usihangaike nayo, na usikubali mtu akuambie upanue kundi ili maandishi hayo yaondoke.

Ujumbe unaoingia sasa ni mchache kuliko zamani, lakini watu wanauliza rangi na tarehe ya kupelekewa badala ya "mnauza nini?" Kwa hiyo chombo chenyewe nakipa nyota nne. Moja naitoa kwa kile kipengele cha pendekezo kinachowashwa bila kuuliza.

Wakala nilikuwa nimempa nyota mbili kwa sababu picha za video ni nzuri kweli, hata zile za mawingu. Halafu nimefungua tena ankara ya mwisho nikakuta mstari wa "ada ya kuunda hadhira maalumu", umetozwa peke yake, nje ya ile asilimia 20. Kuunda kundi hilo ni kubonyeza mara nne. Nyota moja.